Umemwona Gikomba: je, mahakama ya Kenya inaweza kumshtaki?

Tuseme mama aliyekimbia Ituri, mashariki mwa Kongo, anauza vitenge karibu na barabara ya Quarry, Gikomba. Asubuhi moja, katikati ya mikokoteni na wachukuzi wa marobota ya mitumba, anamwona mwanamume akijipima koti. Anamfahamu. Ndiye aliyekuwa akiwaamuru vijana wenye bunduki siku kijiji chao kilipochomwa mwaka 2012. Mwanamume huyo si Mkenya, mama si Mkenya, na kijiji chenyewe kiko mbali na mpaka wa Kenya. Je, polisi wa Kamukunji wana la kufanya?

Kisheria, wanalo. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, iliyoanza kutumika Januari 1, 2009, inahusu makosa matatu makuu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Kifungu chake cha 8 kinaruhusu mtu kushtakiwa hapa kwa makosa hayo, popote alipoyatenda, mradi baada ya kuyatenda amepatikana ndani ya Kenya. Kesi husikizwa na Mahakama Kuu. Wanasheria huiita mamlaka ya dunia nzima, kwa sababu uzito wa kosa lenyewe ndio unaoipa mahakama nguvu, hata kama halihusiani na nchi hiyo kwa mahali wala kwa uraia.

Sharti la kupatikana Kenya ni jepesi kulielewa na gumu kulitimiza. Mtu huyo akipanda basi la Malaba jioni hiyo na kuvuka mpaka, kipengele hicho hakimshiki tena.

Tena, sheria hii haijazoeleka mahakamani. Ilipofika Oktoba 2022 ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alipotangaza kuitumia kwa mara ya kwanza, dhidi ya maafisa wa polisi, kuhusu ukatili wa baada ya uchaguzi wa 2017 uliomuua mtoto mchanga Samantha Pendo kule Kisumu. Hayo yalitendeka hapa hapa nchini. Ukitaka kujua mambo huendaje Kenya inapomhukumu mgeni kwa kosa la ugenini, itazame Mombasa wakati wa kesi za maharamia wa Kisomali. Uharamia ndilo kosa la kale zaidi ambalo nchi yoyote inaruhusiwa kulihukumu.

Machi 2009, manowari ya Ujerumani iliwakamata wanaume tisa katika Ghuba ya Aden, wakidaiwa kuishambulia meli ya MV Courier. Kenya ilikuwa imekubaliana na Umoja wa Ulaya kuwapokea washukiwa wa aina hiyo, hivyo wakaletwa Mombasa na kushtakiwa siku chache baadaye. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu kilitaja wazi uharamia katika bahari kuu. Lakini kifungu cha 5 cha kanuni hiyo hiyo kilisema mamlaka ya mahakama za Kenya yanaenea ndani ya Kenya pamoja na maji yake. Mawakili wa utetezi wakaikamata tofauti hiyo. Novemba 2010 Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu akakubaliana nao: mahakimu wa Mombasa hawakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi ya kosa lililotendwa nje ya maji ya Kenya. Isitoshe, kifungu cha 69 kilikuwa kimefutwa mwaka 2009, kesi ikiendelea, Sheria mpya ya Meli za Biashara ilipoanza kutumika.

Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo Oktoba 2012. Lakini hesabu miaka. Zaidi ya mitatu ilipita tangu wakamatwe kabla ya kuamuliwa kama kesi yenyewe inaruhusiwa kuwapo. Hapo ndipo naona kosa la serikali nyingi: hutia saini mikataba, kisha huacha vifungu vya sheria zao vikigombana hadi mshtakiwa amekwisha kusimama kizimbani.

Mashahidi nao walikuwa mzigo wa pili. Mabaharia waliovamiwa walikuwa wa mataifa mbalimbali, na kazi yao ni kusafiri. Kumpata mmoja na kumleta Mombasa siku ambayo mahakama iko tayari kumsikiza si kazi ndogo, na kesi ikiahirishwa anaondoka. Kila neno lilihitaji mkalimani wa Kisomali. Umoja wa Mataifa ulisaidia kujenga chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali katika gereza la Shimo la Tewa, kikafunguliwa Juni 2010. Mwaka huo huo Kenya, ikilalamika kuwa imebebeshwa mzigo wa wengine, iliuvunja mkataba wake na Umoja wa Ulaya. Na mshukiwa akiachiliwa, anarudi wapi? Hana kibali cha kuishi Kenya, na kwao kuna vita.

Sasa turudi kwa mama wa vitenge. Ushahidi wa kesi yake uko Ituri: makaburi, majirani waliosalia, pengine kumbukumbu za hospitali. Mpelelezi wa Kenya hawezi kuvuka mpaka na kuanza kuhoji watu bila idhini ya Kinshasa. Tarehe nayo ina uzito. Kisa cha 2012 kiko ndani ya muda wa sheria. Kingekuwa cha 2003, wakili wa utetezi angesimama siku ya kwanza kusema sheria haikuwapo. Upande wa mashtaka ungejibu kwa Katiba, kifungu cha 50, kinachotambua pia kitendo kilichokuwa uhalifu chini ya sheria ya kimataifa kilipotendwa. Hoja hiyo peke yake inaweza kula miaka.

Cheo pia ni kizingiti. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Yerodia Ndombasi, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, mwaka 2000. Mnamo Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kuwa waziri wa mambo ya nje aliye madarakani ana kinga dhidi ya mahakama za nchi nyingine, na hati ikafutwa. Kamanda wa zamani anayenunua koti Gikomba hana kinga hiyo.

Mama afanye nini, basi? Asimkabili, wala asiite umati. Mtuhumiwa akipigwa sokoni hakuna kesi tena, na waliompiga ndio watakaoshtakiwa. Picha yake asiisambaze katika WhatsApp, kwa sababu wakili atasema mashahidi wengine walimtambua kutokana na picha hiyo. Aandike peke yake, siku hiyo hiyo, alichokiona mwenyewe: jina au lakabu, sare, lugha aliyoizungumza, nani alitoa amri, siku na mahali. Aliyoyasikia kwa wengine ayatenge. Asikae na majirani wa nyumbani kulinganisha habari, maana maelezo yanayofanana neno kwa neno huvunjwa haraka mahakamani.

Kisha aripoti kituoni na achukue nambari ya OB, au aende moja kwa moja Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Nakala ya maelezo aipeleke ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye kwa kifungu cha 157 cha Katiba anaweza kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi afanye uchunguzi. Akiogopa kuandamwa, aseme mapema, kabla jina lake halijaingia katika hati ya mashtaka, ili aombewe hifadhi kwa Wakala wa Kulinda Mashahidi.

Kenya ikishindwa kumshtaki, njia nyingine ni kumkabidhi kwa nchi inayomtaka, ikiwa imeomba. Na akihamia Ulaya, maandishi ya mama bado yana kazi. Mahakama ya Porvoo, Finland, ilipomsikiliza mchungaji François Bazaramba kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, majaji walisafiri hadi Kigali na Dar es Salaam mwaka 2009 kuwasikiliza mashahidi, na mwaka uliofuata wakamfunga maisha.