Dondoo muhimu: Gharama ya safu inayojiongeza maradufu

Safu ikijaa, nafasi huongezwa maradufu na vipengele vyote hunakiliwa upya; ukikokotoa gharama yake:

1. Usichukue gharama ya uingizaji mbaya kabisa ukaizidisha kwa idadi yote. Kunakili hutokea kwa nadra.
2. Jumlisha kazi nzima, kisha gawanya. Ukianza na nafasi 1 ukaingiza vipengele 9, unaandika mara 9 na kunakili mara 1 + 2 + 4 + 8 = 15. Jumla ni 24, yaani chini ya 3 kwa kila kipengele.
3. Usiongeze nafasi 10 tu kila ijaapo; kunakili kutakua kwa kadiri ya n².
4. Kupunguza nafasi? Subiri vipengele vijaze robo tu ya safu, ndipo uikate nusu. Ukiikata mara vinapojaza nusu, kuingiza na kufuta kwa zamu kutanakili kila mara.
5. Usiahidi kasi kwa kila uingizaji: ule unaoangukia wakati wa kunakili bado utachelewa.