Bitiruti Hushushaje Shinikizo la Damu?

Mwaka wa 2008, watafiti jijini London waliwapa watu wenye afya njema nusu lita ya juisi ya bitiruti. Baada ya takriban saa tatu, shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka. Lakini waliotakiwa kutema mate yao yote baada ya kunywa hawakupata matokeo hayo.

Siri iko mdomoni. Bitiruti ina nitrati, ambayo mmea huifyonza kutoka udongoni. Mtu akiila, nitrati huingia kwenye damu kupitia utumbo. Tezi za mate huchukua takriban robo yake na kuirudisha mdomoni, ambako bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitriti. Nitriti hiyo ikimezwa, sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya nitriki oksaidi tumboni na kwenye damu. Gesi hiyo hulegeza misuli ya kuta za mishipa, mishipa ikapanuka na damu ikapita kwa urahisi.

Kwa hivyo, anayesukutua mdomo kwa dawa kali ya kuua bakteria anaweza kuikosa faida hii. Vilevile, bitiruti ikichemshwa, sehemu ya nitrati hubaki kwenye maji yanayomwagwa.

Wakazi wanaotibiwa shinikizo la damu wanashauriwa wasiache dawa zao, kwani matokeo ya bitiruti ni ya muda mfupi. Wenye ugonjwa wa figo wamuulize daktari kwanza, kwa sababu bitiruti ina potasiamu nyingi.