Je, picha ya ubao wa chesi inasomwa sawasawa?

*Jioni tunacheza chesi kando ya ziwa. Giza likiingia napiga picha ili tuendelee kesho, kisha modeli ya akili bandia inaniandikia nafasi za kete. Juzi askofu alihamishwa. Niiamini? — Msomaji, Kirumba, Mwanza*

Wasiwasi huo una msingi. Modeli hutambua aina ya kete vizuri kuliko mraba iliposimama. Picha ikipigwa kwa kuinama, kichwa cha kete ndefu hufunika mraba wa nyuma, na kete huhesabiwa huko. Kivuli kirefu cha jua la jioni huzidisha utata.

Tuseme askofu mweupe yuko c4, mchezo ukiwa bado mwanzoni. Safu ya nne kwa maandishi ya FEN, ambamo tarakimu huhesabu miraba mitupu, ni hii:

```
2B1P3
```

Jumla ni 2+1+1+1+3, yaani 8. Ikitoka 7 au 9, kuna kosa. Lakini modeli iliyozoea michezo mingi inaweza kumweka askofu b5, mahali pa kawaida kwenye ufunguzi wa Kihispania, na safu ya tano ikawa `1B2p3`. Hiyo nayo ni 8! Hesabu haimnasi, jicho tu ndilo litamwona.

Picha ipigwe kutoka juu kabisa, pembe zote nne zionekane, na modeli iambiwe a1 iko pembe ipi. Kisha kila kete ilinganishwe na picha. Wachezaji wakibishana, karatasi ya hatua zilizoandikwa ndiyo iamue.