Zoezi la prezure na joto: tusahihishe majibu



Mara iliyopita tuliwapa zoezi juu ya prezure, ile dawa ya kugandisha maziwa ambayo watengenezaji wa fromaji wa Masisi wanaitumia kila siku. Ndani ya prezure kuna kimeng'enya, ni kusema anzimu. Kazi yake ni kukata protini ya maziwa inayoitwa kazeini, kiisha maziwa yanaganda.

Mfano wetu ulikuwa huu: bilauri 7 za maziwa ya ng'ombe mamoja, matone ya prezure sawasawa, lakini kila bilauri kwa joto lake. Tunahesabu dakika mpaka maziwa yagande.

- digrii 25: dakika 20
- digrii 30: dakika 12
- digrii 35: dakika 8
- digrii 40: dakika 6
- digrii 45: dakika 7
- digrii 50: dakika 15
- digrii 60: saa nzima, hayakuganda

Kwanza, kuchora grafiki. Ukichora dakika zenyewe, mstari unashuka kiisha unapanda, na unaweza kusoma kinyume. Tunatafuta mwendo wa kazi: dakika chache ni mwendo mkubwa. Basi gawanya 60 kwa dakika ulizohesabu. Kwa digrii 25 unapata 3, kwa 30 ni 5, kwa 35 ni 7.5, kwa 40 ni 10, kwa 45 ni karibu 8.6, kwa 50 ni 4. Kwa digrii 60 andika 0. Sasa mstari unapanda kama kilima mpaka digrii 40, halafu unaanguka upesi.

Pili, sababu ya kupanda. Joto likiongezeka, chembe za anzimu na za kazeini zinatembea mbio zaidi. Zinakutana mara nyingi na kwa nguvu. Jibu hili wengi wanalipata.

Tatu, kileleni na kuanguka. Hapa ndipo makosa yako mengi. Jibu la kwanza lisilo sawa ni hili: «Anzimu zote zimejaa kazi.» Jibu hilo ni la grafiki ingine, ile ambamo tunaongeza chakula cha anzimu huku joto linabaki moja. Pale mstari unalala, lakini hauanguki. Jibu la pili: «Anzimu imekufa.» Anzimu si mdudu, haina uhai wa kupoteza. Ni protini iliyokunjwa kwa umbo fulani, na kazeini inaingia mahali pake kama ufunguo ndani ya kufuli. Joto likizidi, vifungo vinavyoshika umbo hilo vinaachia, kufuli linapinda, ufunguo hauingii tena.

Kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja: joto linaharakisha anzimu zilizo nzima, na wakati uleule linaharibu zingine. Karibu na digrii 40 faida na hasara zinalingana, mstari unalala kidogo. Kupita pale hasara inashinda. Kwa digrii 60 anzimu zinaharibika mbele ya kumaliza kazi.

Namna ya kuhakikisha. Chukua bilauri ya digrii 60, uipoze mpaka 35, ungojee. Haigandi. Ni kusema uharibifu haurudi nyuma. Lakini labda maziwa ndiyo mabaya? Tia prezure mpya ndani ya bilauri ileile. Ikiganda, maziwa ni mazima na prezure ya kwanza ndiyo iliharibika. Kiisha fanya na bilauri ingine ya digrii 10: haigandi pale baridini, lakini ukiipasha moto mpaka 35, inaganda. Baridi inachelewesha kazi, haivunji anzimu. Basi sifuri ya baridi na sifuri ya moto hazina maana moja.

Jibu zima la kuandika: «Kupita digrii 40 mwendo unaanguka sababu joto linaharibu umbo la anzimu, mahali pa kushika kazeini panabadilika, na anzimu nzima zinapungua.»

Kwa kazi ya fromaji, tunabaki kati ya digrii 32 na 35, hata kama grafiki inaonyesha 40. Kwa 40 maziwa yanaganda mbio mno na yanakazana, na ni vigumu kuyakata vizuri. Prezure tuichanganye na maji baridi safi, kamwe si maji ya moto. Maziwa yakikataa kuganda, usiongeze moto. Pima kwanza na termometre: kama yako chini ya 30, pasha polepole, kama yalipita 50, acha yapoe mpaka 35, kiisha tia prezure mpya.