Pau ndefu, tofauti fupi: kuandika grafu ya wastani kwenye ripoti ya shamba darasa

Msimu wa kuvuna muhogo ukiisha, maafisa ugani wa kata na viongozi wa vikundi huwa tunakaa kuandika ripoti za mashamba darasa. Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia ile picha inayowekwa katikati ya ripoti, grafu ya pau, ile yenye mistatili iliyosimama kama nguzo za uzio, kila pau ikionyesha wastani wa mavuno ya kundi moja la vishamba. Naizungumzia kwa sababu mkulima akishaiona ile picha, maneno yetu yote ya chini yake hayasomi tena.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya somo, si matokeo ya kijiji chochote, kwa hiyo asitokee mtu akaenda kununua mbegu kwa kuzitegemea. Tuseme tuna mbegu tatu za muhogo. A ni ile iliyozoeleka kijijini, B na C zimeletwa. Kila mbegu imepandwa kwenye vishamba vinne vya mita 10 kwa 10, nafasi ya mita moja kwa moja, maana yake mashina 100 kwa kila kishamba. Siku ya kuvuna tumepima mizizi mibichi kwa mizani ya kuning'iniza, kwa kilo:

Mbegu A: 142, 118, 131, 149. Wastani 135.
Mbegu B: 150, 124, 139, 147. Wastani 140.
Mbegu C: 128, 163, 145, 156. Wastani 148.

Sasa unaingiza wastani tatu kwenye Excel, unabonyeza kuchora pau, picha inatoka. Nzuri, ina rangi. Lakini tazama namba za upande wa kushoto. Mara nyingi hazianzi na 0. Wakati pau zote ziko karibu karibu, yaani tofauti kati ya ndefu na fupi haifiki hata moja ya sita ya ile ndefu, Excel ina tabia ya kuukata mstari wa namba chini na kuuanzisha juu juu, ili tofauti ionekane vizuri. Hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Mashine imeamua tu, nasi tumeipokea.

Tuseme kwenye grafu yetu mstari umeanzia 130 na kuishia 150, na picha ina urefu wa sentimita 15. Hapo kila kilo moja imepewa milimita saba na nusu. Chukua rula upime: pau ya A ina sentimita 3.75, B ina 7.5, C ina 13.5. Gawanya 13.5 kwa 3.75, unapata 3.6. Jicho linaambiwa kwamba C imezaa zaidi ya mara tatu na nusu ya A! Rudi kwenye kilo: 148 gawanya kwa 135 ni 1.096. Yaani C imezidi kwa asilimia 9.6 tu.

Chora tena ile ile, mstari uanzie 0 uishie 150. Sasa A ina sentimita 13.5, B 14 na C 14.8. Pau tatu karibu sawa, C imechomoza kidogo kwa juu. Picha hii inachosha macho, nakubali, lakini ndiyo iliyotokea shambani.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye pau tunasoma urefu. Pau ikiwa ndefu mara mbili, mtu anaelewa mara mbili, hata kama hajui kusoma hizo namba za pembeni. Ukikata chini, unakuwa umeondoa kilo 130 kwenye kila pau, na kilichobaki hakilingani tena na mavuno. Niliwahi kuonyesha picha iliyokatwa kwa kikundi cha wakulima bila kuwaambia kitu. Mama mmoja aliweka vidole vyake kwenye pau ya A, akavipandisha kwenye pau ya C akihesabu: moja, mbili, tatu. Halafu akaniuliza, "Bwana shamba, hii ya kwetu si tuing'oe tu?" Alikuwa amesoma grafu sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa la mchoraji.

Na kung'oa si jambo dogo. Vipando vinavyotoka mbali vina gharama ya kununua na ya kusafirisha, na kwa wale wa Bweni, Kipumbwi na Mkwaja kuna kuvuka mto pia. Kilo 13 kwa kishamba ni tani 1.3 kwa hekta, au kama nusu tani ya mizizi mibichi kwa ekari. Hiyo ndiyo namba mkulima anayotakiwa kuilinganisha na bei ya vipando. Mwingine atasema inalipa, mwingine atabaki na ya kwake kwa sababu ni tamu na inakaa ardhini muda mrefu bila kuharibika. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Ila huyu aliyeambiwa "mara tatu" hana nafasi ya kupiga hesabu hiyo.

Kuna kipimo kizuri cha kukagua picha kabla hujaituma. Mmarekani Edward Tufte alikieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kuonyesha takwimu kwa picha. Unachukua ongezeko linaloonekana kwenye picha, unaligawanya kwa ongezeko lililomo kwenye namba. Kwenye picha yetu iliyokatwa, pau imeongezeka kutoka sentimita 3.75 hadi 13.5, sawa na asilimia 260. Kwenye kilo ni asilimia 9.6. Gawanya, unapata 27. Picha ya kweli inatakiwa itoe 1 au karibu sana na 1. Rula na simu yenye kikokotoo vinatosha.

Kurekebisha ni kazi ya nusu dakika. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya zile namba za kushoto, chagua `Format Axis`, kisha chini ya `Axis Options` tafuta `Bounds`. Kwenye `Minimum` andika 0 halafu bonyeza Enter. Pembeni yake neno `Auto` litageuka kuwa `Reset`. Hiyo ndiyo dalili kwamba namba imeshika. Usiridhike kwa sababu tu inaonekana 0 leo. Ikiwa bado ni `Auto`, siku utakapoongeza kundi lingine au kusahihisha namba, mashine inaweza kuukata tena bila kukuambia.

Wapo wanaosema, basi tukate, ila tuweke alama ya mkunjo chini kuonyesha kwamba pamekatwa. Mimi siikubali kwenye pau. Ripoti zetu zinatolewa fotokopi mara tatu, zinapigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kile kinachokatika mwanzo ni pembeni na chini. Alama inapotea, pau inabaki.

Kama kweli unataka tofauti ndogo ionekane, acha pau. Weka nukta, moja kwa kila kishamba, zikiwa juu ya jina la mbegu. Nukta tunaisoma kwa mahali ilipo, haina urefu wa kudanganya, kwa hiyo mstari unaweza kuanzia 110 bila tatizo ilimradi umeandika hivyo. Na faida nyingine inajitokeza hapo hapo, ambayo pau za wastani huificha hata zikianzia 0.

Tazama vishamba vya A: cha chini kilo 118, cha juu 149. Pengo la kilo 31 ndani ya mbegu moja! Wakati huo tofauti ya wastani wa A na C ni kilo 13. Kishamba bora cha A kimevishinda vishamba viwili kati ya vinne vya C. Maana yake udongo, kivuli cha mnazi, nguruwe pori au palizi iliyochelewa vimeleta tofauti kubwa kuliko mbegu. Kwa vishamba vinne huwezi kusimama mbele ya watu ukasema C ni bora. Unaweza kusema imeelekea kuwa juu, na inafaa ijaribiwe tena msimu ujao kwenye vishamba zaidi. Ukiamua kubaki na pau, basi angalau juu ya kila moja chora kimstari chembamba kutoka kishamba cha chini hadi cha juu, na uandike kwamba ndicho kinachoonyeshwa, kwa sababu wengine hutumia kimstari hicho hicho kwa vipimo vingine.

Tuje kwenye maneno. Hapa ndipo tunapokosea hata wale ambao grafu zetu ziko safi. Sentensi ninayoikuta mara nyingi ni hii: "Kama grafu inavyoonyesha, mbegu C imeongoza kwa kiasi kikubwa." Kikubwa kiasi gani? Mwandishi ameangalia picha, akaandika alichoona. Andika ukiangalia jedwali, picha ifunike. Mimi ningeandika hivi:

"Mbegu C ilitoa wastani wa kilo 148 kwa kishamba cha mita 10 kwa 10, ikilinganishwa na kilo 135 za mbegu A, ongezeko la kilo 13, sawa na asilimia 9.6. Kila mbegu ilikuwa na vishamba vinne. Mavuno ya A yalikuwa kati ya kilo 118 na 149, ya C kati ya 128 na 163, kwa hiyo yanaingiliana. Mstari wa namba kwenye grafu unaanzia 0."

Ni ndefu, ndiyo. Lakini mtendaji wa kijiji akiisoma kwa sauti mkutanoni bila picha, watu wanaelewa kilichotokea.

Jambo la mwisho ni grafu mbili kuwekwa kando kando, mathalani moja ya Mwera na nyingine ya Mkwaja. Zote zikianzia 0 lakini moja ikaishia 150 na nyingine 300, pau za kilo 140 zitaonekana ndefu upande mmoja na nusu yake upande wa pili, na msomaji ataondoka akijua Mkwaja wamevuna vibaya. Kwenye `Bounds` hapo hapo, jaza na `Maximum` namba moja kwa zote mbili. Na hakikisha kipimo ni kile kile. Niliwahi kukuta upande mmoja kilo kwa kishamba, upande wa pili magunia kwa ekari, na gunia lenyewe halikuelezwa kama ni la kawaida au lumbesa.