Bibi hakulala

Mama wa Morogoro, pole sana kwa msiba. Unasema tangu mmemzika mama yako, aliyeondoka kwa kiharusi, mwanao wa miaka saba hataki kulala, na usiku anakuamsha kuhakikisha kama unapumua. Nadhani sababu umeiandika mwenyewe bila kukusudia: siku ya msiba shangazi zake walimwambia “bibi amelala”. Mtoto amewaamini. Halafu akaona aliyelala anafukiwa.

Kaa naye mchana, mkiwa wawili, umwambie waziwazi: “Bibi hakulala. Bibi amekufa. Moyo wake haupigi, hapumui, hasikii baridi wala njaa, haumwi tena, na hataamka. Sisi tukilala tunaendelea kupumua, ndiyo maana tunaamka.” Najua kinywa kitakuwa kizito. Lakini ukimwambia bibi amesafiri, atamngojea stendi.

Mweleze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ukisema tu “aliumwa”, mafua yakimshika kesho atajua zamu yake imefika. Damu ilishindwa kufika sehemu ya ubongo, na ubongo ndio unaouongoza mwili, hata kupumua. Madaktari walijitahidi, ikashindikana. Mafua na malaria si kiharusi, na kiharusi hakiambukizi.

Sasa lile la sukari uliloniandikia. Bibi alimwita mwanao “mume wangu”, akamtuma sukari dukani, mtoto akagoma, na kesho yake bibi akaanguka. Watoto wa umri huu huamini kwa urahisi kwamba hasira yao inaweza kumdhuru mtu, na mara nyingi hawasemi. Usisubiri aulize. Mwambie: “Kugoma kwako hakukumuua bibi. Hakuna neno wala wazo lako lililomletea kiharusi. Na bibi alijua unampenda.”

Atauliza kama na wewe utakufa. Usimwahidi kwamba hutakufa kamwe. Mwambie watu wote hufa siku moja, wengi wakiwa wazee. Mwambie pia kwamba wewe ni mzima na unatarajia kumlea mpaka awe mkubwa. Swali lililojificha hapo ni nani atampikia, kwa hiyo mtajie watu: baba yupo, mama mdogo yupo.

Imani yenu mfundisheni, ila ije baada ya habari za mwili. Na ile ya “Mungu alimpenda sana akamchukua” iacheni (mimi binafsi siipendi hata kwa wakubwa), maana mtoto mwerevu ataanza kuogopa kupendwa.

Atalia dakika chache, kisha atakimbilia mpira. Siyo kwamba hajali, huzuni ya watoto huja na kukatika. Atarudi na swali lilelile hata mara kumi, nawe mjibu vilevile. Ila zikipita wiki kadhaa bado halali, amegoma kula au shule, au akisema anataka kumfuata bibi, mpeleke hospitali ya mkoa, uombe kuonana na afisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa afya ya akili. Hilo la kumfuata bibi usilisubirie wiki, mpeleke siku hiyohiyo.