Kasi ya Mzunguko wa Fedha na Maana ya Kupungua Kwake

Kasi ya mzunguko wa fedha ni wastani wa mara ambazo fedha iliyopo nchini hutumika, katika mwaka mmoja, kununua bidhaa na huduma zilizokamilika. Hakuna awezaye kuihesabu kwa kuifuata noti moja mkononi hadi mkono mwingine. Hupatikana kwa kugawanya pato la taifa, likikadiriwa kwa bei za mwaka huohuo, kwa ujazi wa fedha, yaani fedha taslimu zilizo mikononi mwa watu pamoja na amana zao katika mabenki.

Tuchukue Marekani. Mwaka 2019 pato lake lilikuwa kiasi cha dola trilioni 21.5, na ujazi wa fedha, kwa wastani wa mwaka, trilioni 14.8. Kwa hiyo kasi ilikuwa 21.5 ÷ 14.8, yaani 1.45. Mwaka 2021 pato lilifikia karibu trilioni 23.6, na ujazi wa fedha trilioni 20.5, kasi ikawa 1.15. Katika miaka miwili ilikuwa imepungua kwa asilimia 21 hivi.

Wastani wa mwaka ndio utumikao, kwa kuwa pato hupatikana mwaka mzima, ilhali ujazi wa fedha hupimwa kwa siku moja. Anayechukua ujazi wa Desemba 2021, ambao ulikwisha kupita trilioni 21, atapata kasi ndogo kuliko ilivyokuwa.

Mtu asiyetazama kwa makini angedhani kwamba Wamarekani walipunguza matumizi. Sivyo, kwani pato liliongezeka kwa asilimia 10. Lililotukia ni kwamba ujazi wa fedha uliongezeka kwa asilimia 39 hivi. Wakati wa janga la UVIKO-19 serikali iligawa fedha kwa wananchi, na Benki Kuu ikanunua hati za dhamana kwa wingi. Fedha hizo ziliingia katika akaunti wakati maduka mengi na safari vimefungwa. Riba nayo ilikuwa karibu na sifuri, hata kuacha fedha zikae benki hakukuwa na hasara kubwa.

Kama kasi ya 1.45 ingedumu, pato la 2021 lingekuwa 20.5 × 1.45, yaani trilioni 29.7. Tofauti ya trilioni 6 haikuwa fedha iliyopotea, bali matumizi ambayo hayakufanyika. Swali gumu ni kama yalifutika au yaliahirishwa tu. Hesabu yenyewe haiwezi kujibu, maana kasi ni sazo la mgawanyo, wala si sababu inayojitegemea. Mwaka 2022 kasi ilianza kupanda tena, na mwezi Juni bei za walaji zilikuwa juu kwa asilimia 9.1 kuliko Juni ya mwaka uliotangulia. Ugavi wa bidhaa uliovurugika na bei ya mafuta pia vilichangia, hivyo si haki kuitwika kasi peke yake mfumko huo wote.